Mita 600 za Mwisho: Safari ya Umeme Kutoka Nyumba ya Mungu Hadi Kibosho

Mitambo miwili ya bwawa la Nyumba ya Mungu, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana na kuwa Mto Pangani, ina uwezo wa kuzalisha megawati 8. Mji wa Moshi uko kaskazini yake, kama kilomita 50 hivi. Juu ya mji, kwenye miteremko ya Kibosho, kuna nyumba ambayo ikifika saa 2 usiku taa zake zinafifia na friji inanguruma bila kuwaka. Mwenye nyumba hulaumu umbali wa bwawa, au kina cha maji. Hesabu inaonyesha kwamba tatizo lake mara nyingi liko kwenye nguzo anazoziona kutoka mlangoni.

Hapa tutaufuata umeme huo kutoka kwenye mtambo hadi kwenye soketi, na kuhesabu unachopoteza kila hatua. Nyaya na transfoma tutakazotumia ni za aina inayopatikana kila mahali nchini. Si vipimo vya laini moja maalum, lakini matokeo hayatakuwa mbali na hali halisi.

Mkondo ndio unaolipiwa

Nguvu ya umeme ni zao la vitu viwili: msongo, unaopimwa kwa volti, na mkondo, unaopimwa kwa ampea. Megawati 8 zinaweza kusafirishwa kwa msongo mdogo na mkondo mkubwa, au kwa msongo mkubwa na mkondo mdogo. Kwa anayepokea ni kitu kilekile. Kwa waya ulio katikati, tofauti ni kubwa mno.

Kila waya una ukinzani wake, na mkondo ukipita humo sehemu ya umeme hugeuka joto. Kiasi hicho cha joto ni:

```
P = I² × R
```

yaani mkondo uzidishwe kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani wa waya. Ile alama ya mraba juu ya I ndiyo chanzo cha karibu kila kitu tutakachokieleza. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara sita, upotevu ni mara 36.

Tuchukue waya wa alumini wenye uti wa chuma, alumini yake ikiwa na unene wa milimita za mraba 105. Ukinzani wake ni kama omu 0.273 kwa kila kilomita, kwa hiyo kwa kilomita 50 kila waya una omu 13.65. Laini ya kusafirisha umeme huwa na nyaya tatu, moja kwa kila fezi. Tukisafirisha megawati 8 kwa msongo wa kilovolti 66, kila waya utabeba ampea 70, kwa kuwa kilovolti 66 hupimwa kati ya waya na waya, na dhidi ya ardhi kila waya una volti kama 38,100 tu. Upotevu wa nyaya zote tatu ni 3 × 70² × 13.65, ambayo ni karibu kilowati 200. Katika kila wati 100 zinazotoka bwawani, mbili na nusu zinabaki njiani kama joto.

Sasa tushushe msongo huo uwe kilovolti 33 bila kubadilisha waya wala nguzo. Mkondo unakuwa ampea 140 na upotevu unapanda hadi kilowati 800, yaani asilimia 10. Tukishuka hadi kilovolti 11, mkondo ni ampea 420 na hesabu inatoa upotevu wa megawati 7.2, karibu asilimia 90. Hapo hatuna tena laini ya umeme, tuna hita ya kilomita 50, na waya wenyewe ungelegea kwa joto kabla ya kubeba ampea hizo. Kwa volti 400 za mtaani, ambazo kati ya fezi moja na nyutro ndizo 230 za soketi, hakuna haja hata ya kuendelea: mkondo ungekuwa zaidi ya ampea 11,500.

Njia nyingine ya kupunguza upotevu ni kuongeza unene wa waya. Lakini waya mnene mara mbili hupunguza upotevu mara mbili tu, huku bei na uzito vikipanda vilevile mara mbili, na nguzo zikihitaji kuimarishwa. Msongo ukipanda mara mbili, upotevu unashuka mara nne kwa waya uleule. Ndiyo maana wahandisi huongeza msongo kwanza, unene wa waya baadaye.

Swali ambalo wanafunzi huliuliza kila mwaka

Kitabu cha fizikia kina kanuni nyingine ya nguvu: msongo mara msongo, ugawe kwa ukinzani. Mwanafunzi makini akiiona hukwama. Kama upotevu ni V² ÷ R, si kupandisha msongo kunauongeza?

Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye maana ya V. Kwenye upotevu wa waya, V si msongo wa laini. Ni msongo unaopungua kati ya mwanzo wa waya na mwisho wake. Katika mfano wetu wa kilovolti 66, kila waya unaanza na volti kama 38,100 ukipimwa dhidi ya ardhi. Mkondo wa ampea 70 ukipita kwenye omu 13.65 unapunguza volti 955. Chukua hizo 955, zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa 13.65, kisha zidisha kwa nyaya tatu. Utapata kilowati 200 zilezile. Kanuni zote mbili zinakubaliana, ilimradi uweke volti zilizopungua kwenye waya na si volti zilizobebwa na waya.

Kuna mkanganyiko wa pili unaofanana na huo. Tumezoea kwamba ukiongeza volti kwenye kifaa, mkondo unaongezeka. Ni kweli kwa birika au pasi, kwa sababu ukinzani wake haubadiliki sana. Laini ya kusafirisha umeme haiko hivyo. Mkondo wake unaamuliwa na nguvu ambayo watu wa upande wa pili wanaihitaji, na katikati kuna transfoma inayobadilishana volti kwa ampea: ikipandisha volti mara sita, inashusha ampea mara sita.

Kwa nini basi tusipandishe hadi mwisho

Jenereta yenyewe haiwezi kutoa msongo mkubwa sana. Koili zake zimebanwa kwenye nafasi nyembamba ndani ya chuma, na insulesheni inayoweza kukaa humo ina kikomo, kwa hiyo jenereta nyingi za gridi huzalisha kilovolti kati ya 11 na 25. Transfoma iliyo jirani na mtambo ndiyo inayopandisha. Transfoma kubwa za namna hii hupoteza kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 1.

Baada ya hapo kinachozuia ni hewa na fedha. Kadiri msongo unavyokua ndivyo waya unavyotakiwa kukaa mbali na mnara, na wenzake, na miti, na ardhi. Vikombe vya kuning'inizia nyaya vinaongezeka, minara inarefuka, eneo la kufyeka linapanuka na fidia ya wananchi inapanda. Juu ya kilovolti 200 hivi hewa inayozunguka waya huanza kuvuja umeme yenyewe. Ule mlio wa kuchacharika unaousikia chini ya laini kubwa siku ya ukungu ni upotevu huo. Ili kuupunguza, laini za kilovolti 400 huweka nyaya kadhaa sambamba kwa kila fezi, zikitenganishwa na vishikizo, ili kwa pamoja zifanye kazi kama waya mmoja mnene.

Kwa megawati 8 na kilomita 50, kilovolti 66 zinatosha. Kwa Kanda ya Kaskazini nzima hazitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa nchi inazalishwa mbali: Kidatu, Mtera, Kihansi, na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Umeme huo ukija Arusha unapita mamia ya kilomita kuelekea Dodoma na Singida kabla ya kugeukia kaskazini. Hapo ndipo laini ya kilovolti 400 inapopata maana. Kwa nguvu ileile na waya uleule, upotevu wake ni kama sehemu moja ya 36 ya ule wa kilovolti 66. Laini ya kilovolti 400 kutoka Singida inapita Arusha, kwenye kituo cha Lemugur, hadi Namanga na kuungana na Kenya.

Kwa mtazamo huo, mjadala wa Machi 2025 kuhusu kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini unaeleweka vizuri zaidi. Wengi waliuliza tunanunuaje wakati Rufiji inazalisha ziada. Hoja iliyotolewa na Serikali ilikuwa upotevu wa njiani. Bei ya uniti moja bwawani na bei ya uniti hiyohiyo ikifika Arusha si kitu kimoja, na mtu anayelinganisha bei bila kuhesabu waya ulio katikati hajalinganisha chochote.

Kutoka kituo cha kupoza hadi kijijini

Laini kubwa inaishia kwenye kituo cha kupoza umeme. Moshi ina chake Kiyungi, Arusha ina Njiro. Hapo msongo unashushwa, mara nyingi hadi kilovolti 33, na kupandishwa kwenye nguzo za kawaida zinazoelekea vijijini.

Tuseme laini moja inayopanda mlimani inabeba megawati 2 kwa kilomita 20, na waya ni uleule wa hesabu ya kwanza. Mkondo ni ampea 35, upotevu ni kilowati 20, yaani asilimia 1. Kwa kilovolti 11 ingekuwa asilimia 9. Laini za kilovolti 11 ni nzuri mjini ambako umbali ni mfupi. Kuivuta ndefu hadi vijijini ni kosa ambalo kijiji hulilipa kwa miaka mingi.

Halafu tunafika kwenye transfoma ya kijiji, lile pipa la kijivu lililokaa juu ya nguzo mbili karibu na shule au soko. Watu wengi hudhani inakula umeme pale tu watu wanapoutumia. Ukweli ni kwamba ina upotevu wa aina mbili, na aina ya kwanza haijali kama kuna mtu anatumia.

Ndani yake kuna kiini cha mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, na koili zimezungushwa juu yake. Sumaku ya kiini hicho hugeuzwa mwelekeo huku na kule mara 50 kila sekunde, mchana na usiku, na kila mgeuko unaacha joto kidogo kwenye chuma. Mngurumo unaousikia ukipita chini yake unatokana na chuma hicho kinachotetemeka. Transfoma ya kilovolti-ampea 100 hupoteza hivyo kama wati 300 mfululizo. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya uniti 2,600, hata kama kijiji chote kimelala.

Aina ya pili ni ya koili. Hii inafuata kanuni yetu ya mraba: mzigo ukiwa kamili, koili za transfoma kama hiyo hupoteza takriban wati 1,700, mzigo ukiwa nusu, ni wati 425 tu. Ukijumlisha aina zote mbili utaona transfoma hii inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa na mzigo wa kama asilimia 42. Hapo chuma kinakula wati 300 na koili 300, jumla ni asilimia 1.4 ya umeme unaopita. Ikiwa saa 9 usiku kijiji kinatumia kilowati 4 tu, zile wati 300 za chuma peke yake ni zaidi ya asilimia 7.

Kwa hiyo kufunga transfoma kubwa "ili isije ikazidiwa" kuna gharama inayoendelea kila saa. Na kufunga ndogo mno kuna gharama mbaya zaidi: joto la jioni linapika karatasi ya insulesheni ya koili, na karatasi iliyoungua hairudi. Mafuta yaliyomo ndani ndiyo yanayobeba joto hilo hadi kwenye mapezi ya nje na ndiyo yanayozuia umeme kuruka kati ya koili. Anayeyaiba anaiua transfoma, kwa sababu sehemu ya juu ya koili inabaki wazi, inapata joto kupita kiasi, na siku moja jioni inalipuka.

Mita 600

Kufikia hapa tumepoteza asilimia 2.5 kwenye laini kubwa, 1 kwenye laini ya kijijini, moja na nusu hivi kwenye transfoma ya kijiji, na kama asilimia 1 kwenye transfoma mbili kubwa za njiani. Jumla ni kama asilimia 6 kwa safari ya kilomita 70 hivi. Sehemu iliyobaki ni mita mia chache.

Kibosho, kama sehemu nyingi za Uchagani, nyumba hazikukusanyika. Kila moja iko kwenye kihamba chake, katikati ya migomba na kahawa, na barabara inafuata mgongo wa kilima kati ya makorongo mawili. Laini ya msongo mdogo inafuata barabara hiyohiyo, na mara nyingi tawi la mwisho linajengwa kwa nyaya mbili tu, fezi moja na nyutro, kwa kuwa ni nafuu.

Tuchukue tawi la namna hiyo lenye urefu wa mita 600 kutoka kwenye transfoma, waya wa alumini wa milimita za mraba 50, ukinzani omu 0.64 kwa kilomita. Umeme unaenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo njia yake ni kilomita 1.2 na ukinzani ni omu 0.77. Saa 2 usiku nyumba kama 15 zilizoko kwenye nguzo za mwisho zimewasha taa, runinga, friji, na birika moja au mawili. Jumla ni ampea 40.

Volti zinazopungua ni 40 × 0.77, karibu 31. Transfoma imetoa 230, nyumba ya mwisho inapata 199. Upotevu ni 40² × 0.77, zaidi ya wati 1,200 kati ya 9,200 zilizotoka. Ni asilimia 13. Mita 600 zimekula sehemu kubwa mara mbili ya ile iliyoliwa na safari yote kutoka bwawani.

Hapo akiwasha mtu mashine ya kuchomelea inayovuta ampea 20 zaidi, mkondo unakuwa 60, volti zinashuka hadi 184 na upotevu unaruka hadi karibu wati 2,800. Mkondo umeongezeka kwa nusu, upotevu umezidi maradufu. Friji ikijaribu kuwaka kwa volti hizo, kompresa inanguruma bila kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa, inapata joto, inazimwa na kinga yake, inapoa, inajaribu tena. Ikirudia hivyo usiku mzima kwa miezi kadhaa, koili zake zinaungua.

Dawa ya kwanza ni kumalizia tawi lile kwa fezi tatu na kugawa nyumba sawasawa. Kila fezi inabeba ampea 13.3. Kwa kuwa fezi tatu zilizolingana zinafutana kwenye nyutro, hakuna mkondo unaorudi, na njia inahesabiwa mara moja tu. Volti zinazopungua ni 5 badala ya 31. Upotevu ni wati 205 badala ya 1,230, yaani moja ya sita kamili. Waya mbili za ziada zinafanya kazi hiyo. Lakini nyumba zikiunganishwa ovyo, zote kwenye fezi iliyo karibu na ngazi ya fundi, faida yote inapotea na mtaa una fezi moja inayolia na mbili zinazopumzika.

Dawa ya pili ni kuisogeza laini ya kilovolti 33 hadi katikati ya nyumba na kuweka transfoma ndogo ya kilovolti-ampea 25 au 50. Ni sababu ileile iliyotufanya tupandishe msongo bwawani: umeme uende mbali ukiwa na volti nyingi, na volti 230 zitembee hatua chache tu.

Dawa ya tatu huombwa sana na wananchi, nayo ina mipaka. Transfoma ina swichi ya kurekebisha volti kwa ngazi za asilimia 2.5, inayogeuzwa ikiwa imezimwa. Kuipandisha ngazi mbili kunaongeza asilimia 5, kama volti 11 au 12. Nyumba ya mwisho inatoka 199 hadi 210 hivi jioni. Lakini nyumba iliyo chini ya transfoma inapata 241 usiku kucha, na upotevu wa tawi unabaki karibu palepale.

Tukumbuke pia kwamba mita ya Luku iko nyumbani, mwisho wa tawi. Zile wati 1,200 hazipiti ndani yake. Zinaingia kwenye gharama za shirika la umeme, na huko ndiko zinakotoka zikiwa bei kwa wateja wote. Wanaosema umeme mdogo unakimbiza uniti kwenye birika wanakosea: birika la wati 2,000 likipata volti 199 linatoa wati 1,500 tu, maji yanachelewa kuchemka, na uniti zinazotumika ni karibu zilezile. Kwa friji na pampu maneno yao yana ukweli, kwa sababu mota ikipungukiwa volti huvuta mkondo zaidi.

Kujua tatizo liko wapi

Multimita ya bei ya kawaida na birika la wati 2,000 vinatosha. Pima kwenye soketi iliyo karibu zaidi na boksi kuu, bila kugusa mita. Kwanza pima saa 2 usiku, halafu upime tena alfajiri kabla watu hawajaamka. Ikiwa alfajiri unapata 228 na jioni 200, tatizo ni mzigo wa tawi, na barua ya kijiji kwa shirika inapaswa kubeba vipimo hivyo vyenye saa na tarehe.

Kisha mchana, mtaa ukiwa umetulia, pima soketi hiyo birika likiwa limezimwa, na upime tena likiwa limewashwa kwenye soketi ya jirani. Rudia mara kadhaa ili mabadiliko ya majirani yasikudanganye. Birika linavuta kama ampea 8. Kwa mwisho wa tawi letu la omu 0.77, kushuka kwa volti 6 au 7 ni kawaida. Ukiona 221 imeshuka hadi 200, kwa volti hizo birika linavuta ampea 7.6. Gawa 21 kwa 7.6: ni karibu omu 2.8. Toa ile 0.8 ya tawi. Omu 2 zilizobaki zimejificha kwenye kiungo kibovu, na kwa ampea 7.6 kiungo hicho kinatoa joto la zaidi ya wati 110 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Mara nyingi ni pale waya wa alumini wa nguzoni ulipozungushiwa shaba ya nyumbani bila kiunganishi chake maalum. Unyevu ukiingia, alumini inaliwa taratibu. Hiyo ni kazi ya dharura kwa mafundi wa shirika.

Ikiwa taa zako zinawaka kwa ukali usio wa kawaida na multimita inasoma 260 huku za jirani zikififia, hiyo ni hali nyingine kabisa. Nyutro ya laini ya fezi tatu imekatika au imelegea. Zima swichi kuu papo hapo, kisha piga simu.

Baada ya mita, kila wati inayopotea iko kwenye uniti zako. Mfano wa kila siku ni waya wa milimita za mraba 1.5 uliovutwa mita 40 hadi kwenye banda la ng'ombe kuendesha mashine ya kukata majani. Njia ya kwenda na kurudi ni mita 80, ukinzani karibu omu 1. Kwa ampea 10 unapoteza kama wati 97, jambo linalovumilika. Lakini mota ikiwaka huvuta mkondo mara tano, ampea 50, na hapo waya huo pekee unapunguza volti 48, juu ya 38 zinazopungua kwenye tawi la nje. Kutoka 220 zinabaki 133, na nguvu ya mota kuanza kuzunguka, ambayo nayo inafuata mraba wa volti, inashuka hadi asilimia 37. Kwa waya wa milimita 4 banda linapata 163, na nguvu hiyo ni asilimia 55. Fundi akikuambia mota imechoka, mwombe kwanza apime volti kwenye vituo vya mota yenyewe wakati inajaribu kuwaka.